Programu D inapoulizwa kuhusu D yenyewe

Juma hili, katika kozi ya nadharia ya ukokotozi ninayofundisha hapa Bukavu, tumelifikia tatizo la kukoma. Uthibitisho wake hauchukui hata nusu ya ubao, na wanafunzi huunakili bila shida. Lakini ukimwomba mmoja wao aseme ni dhana ipi hasa iliyoanguka mwishoni, na kwa nini ianguke hiyo na si nyingine, ukumbi mzima hunyamaza. Ninaandika hapa namna tulivyoupitia, kwa sababu maswali niliyoulizwa yalikuwa mazuri kuliko maandishi yangu ya kozi.

Swali lenyewe ni jepesi kulitamka. Umepewa matini ya programu p pamoja na ingizo x: je, p ikiendeshwa kwa x itakoma, au itaendelea milele? Tunataka programu moja, tuiite H, itakayojibu swali hilo kwa kila p na kila x. H inabeba ahadi mbili, nami niliziandika juu kabisa ya ubao na kukataza zisifutwe: kwanza, H yenyewe hukoma daima na kutoa jibu, pili, jibu hilo ni sahihi daima. Ahadi moja bila ya pili haina kazi, kwani programu inayojibu "ndiyo" kwa kila kitu hutimiza ya kwanza bila jasho.

Ili wasilione swali hili kuwa la kitoto, niliwapa programu fupi inayopokea namba moja. Namba ikiwa shufwa, igawe kwa 2; ikiwa witiri, izidishe kwa 3 kisha uongeze 1; rudia hivyo mpaka ufike kwenye 1. Ukianza na 26 unafika baada ya hatua 10. Ukianza na 27, jirani yake, namba hupanda hadi 9232 kabla ya kushuka, na unafika kwenye 1 baada ya hatua 111. Kijana mmoja aliyekuwa akikokotoa kwa simu alichoka njiani akatangaza kwamba 27 haikomi kamwe. Hadi leo hakuna aliyethibitisha kwamba programu hiyo hukoma kwa kila namba kamili iliyo chanya. Hata hivyo nilisisitiza kwamba ugumu huo si uthibitisho wa lolote, kwa sababu kitu ambacho watu hawajakipata bado ni tofauti na kitu kisichoweza kuwapo.

Hapo ndipo tunapoanza. Tuseme H ipo. Hatusemi imeandikwa vipi wala ina mistari mingapi. Tunasema tu kwamba ipo, ni matini yenye mwisho, na inatimiza ahadi zote mbili. Ikiwa ipo, basi ninaweza kuinakili ndani ya programu nyingine na kuiita kama ninavyoita programu ndogo yoyote. Kwa hiyo ninaandika D:

```python
def D(p):
    if H(p, p):
        while True:
            pass
    return 0
```

D hupokea matini ya programu p, na kuiuliza H kama p ingekoma endapo ingepewa matini yake yenyewe kuwa ingizo. H ikijibu "ndiyo, inakoma", D huingia kwenye kitanzi kisicho na mlango wa kutokea. H ikijibu "hapana", D hurudisha 0 na kukoma papo hapo. Kwa ufupi, D hutenda kinyume cha kile ambacho H imetabiri kuhusu p.

Wengi hukwama pale ambapo programu inapewa matini yake yenyewe, wakidhani kuna hila. Hakuna. Programu ni faili la herufi, na programu inayosoma faili haijali faili hilo linasema nini. Anayetumia Linux anaweza kuiamuru `wc` ihesabu baiti za faili la `wc` lenyewe, nayo itahesabu bila kulalamika. Kwa hiyo matini kamili ya D, pamoja na matini ya H iliyonakiliwa ndani yake, ni ingizo halali kama mengine. Tuendeshe basi D(D), tuone.

D(D) ama inakoma, ama haikomi. Hakuna njia ya tatu. Tuseme inakoma. Basi H(D, D), kwa kuwa ni sahihi daima, lazima ijibu "ndiyo", na D ikipata jibu hilo huingia kwenye kitanzi, kwa hiyo haikomi. Tuseme sasa haikomi. Basi H(D, D) lazima ijibu "hapana", na D ikipata jibu hilo hurudisha 0, kwa hiyo inakoma. Kila upande unajikana wenyewe.

Sasa ni lazima kitu fulani kianguke, nami niliwataka wakitafute wao. D haiwezi kulaumiwa, kwa sababu ni mistari mitano ya programu ya kawaida, na kila mmoja pale angeweza kuiandika kama angepewa H. Kuipa D matini yake si kosa, tumekwisha kuliona hilo. Kilichobaki ambacho hatukukithibitisha bali tulikikubali bure ni sentensi moja tu, ile inayosema kwamba H ipo na inatimiza ahadi zote mbili. Hiyo ndiyo inayoanguka. Zingatia kwamba hatukusema H ni polepole, au ni ngumu kuandika, au inangojea mtaalamu hodari zaidi. Uthibitisho haukugusa ndani ya H hata mara moja, na kwa hiyo unaziangusha H zote zinazowezekana kwa pigo moja.

Mwanafunzi wa kike aliyekaa karibu na dirisha alinyosha kidole. "Mwalimu, mimi ningeiandika H kwa ujanja. Ningeiacha programu iende hatua elfu moja, ikiwa haijakoma, ninasema haikomi. Hiyo H ipo, naweza kuiandika leo. D itaifanya nini?"

Hili ndilo swali nililotamani liulizwe, kwa sababu linaufanya uthibitisho uonekane ukifanya kazi. Tukaifuata H yake kidole kwa kidole. Tunaendesha D(D). Jambo la kwanza D inalofanya ni kuiita H(D, D), na H inaanza kuiga mwenendo wa D(D) huku ikihesabu hatua. Ndani ya mwigo huo, jambo la kwanza ni lile lile: D ya ndani inaiita H yake, nayo inaanza kuiga D nyingine huku ikihesabu hatua elfu moja za kwake. Lakini kuiga hatua moja hugharimu angalau hatua moja, na D ya ndani ilikwisha kutumia kadhaa kwa kuiita tu H. Kwa hiyo H ya ndani haiwezi kumaliza hesabu yake kabla saa ya H ya nje haijafika elfu moja. Saa inafika, H ya nje inajibu "hapana, haikomi", na D inapokea jibu hilo, inarudisha 0 na kukoma. H imesema haikomi, nayo imekoma mbele ya macho yetu. Ahadi ya pili imevunjika.

"Basi niweke milioni," akasema. Weka. H mpya yenye milioni itajibu vizuri kuhusu D ya zamani, kwa sababu ile hukoma baada ya hatua elfu chache, kutegemea uzito wa kuiga. Lakini D ya zamani ilibeba H ya zamani tumboni. H mpya inazaa D mpya, ambayo ndani yake mna saa ya milioni, na hiyo ndiyo itakayoikosesha. Naona ni hapa hasa wengi walipoelewa: hakuna D moja mbaya inayoweza kuorodheshwa na kukwepwa, kwani kila H ina D yake.

Mwenzake akapendekeza kuiondoa saa kabisa: H iiendeshe p hadi ikome, kisha ijibu "ndiyo". Hiyo haisemi uongo kamwe, na kwa programu zinazokoma inafaa vizuri. Ukiendesha D(D), hata hivyo, H inaiga D, ambayo inaiita H, ambayo inaiga D, na kushuka huko hakuna sakafu. H haijibu kamwe. Safari hii iliyovunjika ni ahadi ya kwanza. Ndiyo maana tunasema tatizo hili linatambulika upande mmoja tu: "ndiyo" inaweza kupatikana kwa subira, ila hakuna urefu wa kungoja unaotosha kukuhakikishia "hapana" kwa programu zote.

Kuhusu historia nilipita haraka. Alan Turing alichapisha hoja yake mwaka 1936, ingawa yeye alizungumzia mashine zinazochapa tarakimu bila kikomo, na jina la tatizo la kukoma lilikuja baadaye, katika miaka ya 1950, kwa Martin Davis. Umbo fupi la programu kama D yangu linafanana na lile ambalo Christopher Strachey alilichapisha katika barua mwaka 1965, akieleza kwamba Turing aliwahi kumpa uthibitisho huo kwa mdomo ndani ya behewa la treni mwaka 1953. Ninaipenda habari hiyo, maana inaonyesha kwamba hoja nzima inabebeka kichwani bila karatasi.

Swali la mwisho lilitoka nyuma, na halikuwa la mzaha. Kompyuta yangu, alisema, ina kumbukumbu yenye kikomo. Kwa hiyo hali zake zinahesabika, na programu isiyokoma ni lazima irudie hali iliyokwisha kupita. Si hapo H inawezekana? Ni kweli, inawezekana. Kumbukumbu ya biti n, ikiwa hakuna kinachoingia kutoka nje, ina hali zisizozidi 2^n, na programu ikizidisha hatua 2^n bila kukoma, imekwisha kurudia hali fulani na haitakoma tena. Kwa biti 300 tu, idadi hiyo tayari ina tarakimu 91, kwa hiyo hakuna atakayeishi kuona jibu. Lakini hilo ni suala la muda, si la kuamulika. Linalonivutia zaidi ni kwamba D haiwezi kuiangusha H ya namna hiyo. H inayoilinda mashine ya biti n inahitaji nafasi ya hali inayoigwa pamoja na nafasi ya kuhesabu hadi 2^n, na hivyo haienei ndani ya biti n. D inaibeba H, kwa hiyo nayo haienei, na swali kuhusu D haliwezi hata kuulizwa kwa H hiyo. Mashine za Turing, zile za kufikirika alizozizungumzia mwaka 1936, zina utepe wa kuandikia usio na mwisho, na ni utepe huo unaoipa D nafasi ya kuibeba H yoyote atakayeileta mtu.