Kifurushi cha mwaka au cha mwezi: nilivyorudishiwa 78,000 yangu

Hapa Uyole kila mwenye duka la pembejeo niliyemwuliza kuhusu kulipia mfumo wa mauzo, ile programu ya kuweka kumbukumbu za bidhaa na mauzo, alinijibu kwa uhakika kabisa. Nusu yao waliniambia, "Lipa mwaka mzima, dada, utaokoa hela." Nusu nyingine wakasema ukilipa mwaka ukaacha katikati, hela imeliwa, usahau. Ushauri wa aina zote mbili uliniudhi, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeniuliza sharti la kurudishiwa linasemaje. Wote walikuwa wanaangalia punguzo tu.

Mimi nilikuwa nataka mfumo wa tawi letu la Mbalizi. Bei ilikuwa 30,000 kwa mwezi, au 288,000 ukilipa mwaka kwa mkupuo, yaani kama 24,000 kila mwezi. Punguzo zuri. Lakini fremu ile tulikuwa tumepangishwa na mzee ambaye mwanawe alikuwa anakaribia kurudi kutoka Dar, na nilijua wakati wowote tunaweza kuambiwa tuhame. Kwa hiyo kabla sijalipa nilimwandikia muuzaji wa mfumo, kwa barua pepe siyo kwa simu: "Nikilipa mwaka halafu nikasitisha baada ya miezi 7, mnanirudishia shilingi ngapi?" Msiulize "je, mnarudisha hela?" Hapo mtajibiwa ndiyo, na hiyo ndiyo haina maana yoyote. Ulizeni mwezi fulani, mtajiwe kiasi.

Jibu lilikuja: miezi iliyotumika inahesabiwa kwa bei ya kawaida ya mwezi, kinachobaki kinarudi. Kwa hiyo 288,000 toa mara 7 ya 30,000, ambayo ni 210,000, inabaki 78,000. Mjomba wangu alipoiona akasema huo ni wizi, kwa sababu miezi 5 iliyobaki kwa bei ya 24,000 ni 120,000, sasa 42,000 inakwenda wapi?

Nikamwambia, mjomba, tulia tupige hesabu. Hiyo 42,000 ni punguzo wanalolichukua, kwa sababu walilitoa kwa mtu wa mwaka na mimi sijamaliza mwaka. Mwisho wa siku nitakuwa nimelipa 210,000 kwa miezi 7, sawasawa na ambaye angekuwa analipa kila mwezi. Sijapoteza hata shilingi ukinilinganisha naye. Nikifika mwezi wa 10 hakuna cha kurudishiwa tena, maana mara 10 ya 30,000 ni 300,000 na mimi nililipa 288,000, lakini hapo tayari niko mbele yake kwa 12,000. Nikimaliza mwaka niko mbele kwa 72,000. Ndiyo sababu nililipa mwaka. Sharti lingekuwa "hairudishwi kabisa," nisingethubutu: kusitisha mwezi wa 7 kungeniacha nyuma ya mlipaji wa mwezi kwa 78,000 nzima. Na wangekuwa wanahesabu kwa bei ya mwaka, nirudishiwe zile 120,000, ningelipa hata bila kufikiri.

Nikalipa tarehe 14 Novemba, mvua zikiwa zimeanza na watu wamejaa dukani wakitaka DAP na mbegu. Ada ya kufunga mfumo nililipa pembeni. Hiyo hairudi popote, msiiweke kwenye hesabu.

Mwezi Mei mzee akatuambia anataka fremu yake ifikapo katikati ya Juni. Sasa hapa ndipo utamu ulipo.

Kijana wetu wa kaunta aliingia kwenye mfumo akabonyeza Cancel Subscription, ikatokea Auto-renew: Off, akaja kwangu anafurahi kwamba tumeshasitisha. Hapana. Kitufe kile kinazuia tu mfumo usijilipie mwaka unaofuata. Huduma inaendelea hadi Novemba na hela yako inakaa kwao. Nilipopiga simu huduma kwa wateja, dada aliyepokea naye akaniambia, "Nakuona umeshasitisha, mama, hakuna tatizo." Ni kweli hakukuwa na tatizo, kwa upande wao. Kinachotakiwa ni kuandika kwamba unavunja kifurushi kabla ya muda, utaje tarehe ya mwisho wa matumizi, na uombe kurudishiwa.

Nikaandika tarehe 6 Juni. Jibu lao: utarudishiwa 48,000.

Nilikaa na ile 48,000 nikaitazama. Ni 288,000 toa 240,000, kwa hiyo wamenihesabia miezi 8. Wameitoa wapi? Nikahesabu kwa vidole: Novemba, Desemba, Januari, Februari, Machi, Aprili, Mei, Juni. Nane! Walikuwa wanahesabu majina ya miezi kwenye kalenda. Lakini kifurushi changu hakikuanza tarehe 1, kilianza tarehe 14. Mwezi wa kwanza uliisha 13 Desemba, wa pili 13 Januari, na kuendelea hivyo hadi wa 7, unaoisha 13 Juni. Barua yangu ya tarehe 6 Juni ilikuwa bado ndani ya mwezi wa 7. Niliwatumia risiti yenye tarehe, sharti lao wenyewe lililosema "mwezi ni kuanzia tarehe ya malipo," na ile barua pepe ya mwanzo yenye 78,000. Sikuweka neno la hasira hata moja. Walirekebisha, wakaomba radhi, na najivunia sana hilo.

Hapo muone kwa nini tarehe ni hela. Ningesubiri tarehe 14 Juni, mwezi wa 8 ungekuwa umeanza na ungehesabiwa mzima, 30,000 kwa siku moja tu. Kabla ya kuandika pia nilipakua orodha ya bidhaa na mauzo yote, maana siku ya kufungwa hamwingii tena, na wakulima waliokopa mbolea nawadai kwa kumbukumbu zile.

Hela ilirudi kwenye laini iliyolipa. Mimi nililipa kwa laini ya duka. Ukilipa kwa simu ya mfanyakazi, itarudi kwake, hata kama alishaondoka.

Rafiki yangu mwenye studio ya picha Soko Matola aliponisikia akasema yeye yuko salama kwa sababu programu yake inakatwa hela kila mwezi. Nikamwambia asome tena. Kuna mkataba wa mwaka unaolipwa kidogo kidogo, unafanana na wa mwezi lakini umekufunga miezi 12. Adobe wenye Photoshop waliuza hivyo: ukiacha baada ya siku 14 za mwanzo, unatozwa nusu ya malipo yaliyobaki, na Juni 2024 serikali ya Marekani iliwafungulia kesi ikidai wateja walifichwa ada hiyo. Ukiuweka kwenye bei zangu, miezi 7 ya 24,000 ni 168,000, nusu ya 120,000 iliyobaki ni 60,000, jumla 228,000. Ni zaidi ya mlipaji wa mwezi kwa 18,000, na bado umeshaacha kutumia.

Kwa wenye maduka yanayochemka msimu wa mvua tu, Novemba hadi Aprili, sioni sababu ya mwaka. Miezi 6 ni 180,000, kisha unasimamisha hadi mvua nyingine, ilimradi mfumo uwe unahifadhi kumbukumbu zako bila malipo kipindi hicho. Duka la Uyole, ambalo lina kazi karibu mwaka mzima kwa sababu ya viazi, nimelilipia mwaka.