Nilivyojifunza kuning'inia kwa mizani ya shilingi kumi

Mie naendesha tuktuk, Kongowea mpaka mjini, mwaka wa 9 huu. Mikono iko mbele kwenye usukani kutwa, na bega la kulia likakaza hadi kuvaa fulana ikawa kazi, mkono hauinuki kupita sikio. Fizio akanikagua akasema hakuna kilichochanika, ni ugumu tu, nianze kuning'inia kwenye chuma pole pole. Shida ni kwamba sikumuuliza pole pole ni vipi, nikaenda kumuuliza kijana wa jimu.

Huyo akaniambia ning'inia mpaka vidole viachie vyenyewe, kila siku, usikose. Haya. Siku ya kwanza sekunde 9, kilo 86 hizi zote juu ya vidole, jasho la Mombasa mnalijua, nikateleza nikaanguka kama gunia la mbata na watoto wa jirani wakapiga makofi. Mie mbishi, nikaendelea siku 11 mfululizo. Bega halikusogea, lakini kisugudi upande wa ndani kikaanza kuuma hadi kukamua nguo siwezi. Nikapumzika wiki 2 nzima na hasira juu.

Sasa hapa ndo akili ilinijia. Kuna jamaa alikuwa anapimia watu uzani barabarani kwa shilingi kumi, akawa anaacha hiyo biashara, mizani yake ya mshale nikainunua kwa mia tatu na kitu. Nikaiweka juu ya kreti ya soda lililogeuzwa, chini ya bomba la inchi moja ambalo fundi alinichomelea barazani. Nashika bomba, mikono imenyooka, magoti yamekunjika kidogo, miguu juu ya mizani. Mizani ikisoma 40, basi mikono imebeba 46 tu. Mwanangu wa darasa la tatu ndo msomaji, "Baba, arubaini na mbili! Baba unadanganya!"

Na kweli alikuwa ananikamata. Mkono ukichoka, miguu inasukuma yenyewe bila wewe kujua na mshale unapanda. Nikaweka sheria, ukipanda kilo 5 nashuka, hata kama najiona bado niko fiti. Hiyo ndo ilinifunza kuacha kabla vidole havijafunguka, kitu ambacho yule kijana hakukijua, maana kile kisugudi kiliuma kwa kung'ang'ania zile sekunde za mwisho kila siku.

Basi nilianza na 40 miguuni, sekunde 20, mara 4, katikati napumzika kama dakika na nusu. Siku 3 kwa wiki, siku ikifuatwa na mapumziko. Nikifikisha sekunde 30 mara zote 4 na mshale umetulia, napunguza miguuni kilo 8 hivi na narudi tena sekunde 20. Kwenye 16 nilikwama wiki 2, wala sikulazimisha. Wiki ya 10 nikatoa kreti, nikaning'inia mwili mzima sekunde 15 nikashuka mwenyewe, safari hii makofi nilijipigia mie.

Bega nalo, mwanzoni nilikuwa naliweka limebana kidogo, kama unavuta mabega mbali na masikio bila kukunja mikono. Baadaye ndo nikaanza kuliachia lipande. Mvuto wa kwapani na ubavuni ni sawa, ile misuli ya mgongo ikikaza ndo inazuia mkono kwenda juu. Lakini ukisikia kama kitu kinabanwa juu ya bega au kwa mbele, au vidole vinafanya ganzi, shuka hapo hapo, ongeza kilo miguuni. Na kama bega lako liliwahi kuchomoka, usinifuate mie, nenda kwa fizio kwanza.

Ah, na mkono usishike bomba katikati ya kiganja, ngozi inakunjwa na kuchanika. Liweke pale vidole vinapoanzia, dole gumba lizunguke. Jasho nafuta na kitambaa kikavu kila mara, chaki nilijaribu ikageuka uji.

Saa hii niko sekunde 55 mara 3, fulana navaa bila kuita mtu, na chupa za achari nafungua mie nyumba nzima. Juzi nikaona niongeze nguvu za vidole, nikatundika taulo kwenye bomba nikashika ncha zake. Sekunde 6! Mwanangu hakusema kitu, alienda ndani akarudi amebeba mizani.