Kikao cha harusi kwenye runinga ya sebuleni

Kikao cha kupanga harusi ya binti wa dada yangu kilitukutanisha sisi wa Tanga na ndugu zetu walioko Muscat, na upande wetu tulikuwa wengi mno kubanana mbele ya kompyuta mpakato moja. Kuweka programu ya mikutano ndani ya runinga hakukunivutia, kwa kuwa runinga yetu haina kamera, na maikrofoni iliyomo kwenye rimoti ni ya kutafutia vipindi tu. Niliamua basi kurusha picha kutoka kwenye kompyuta.

Nilifungua mkutano wa Google Meet katika Chrome, nikabonyeza vitone vitatu na kuchagua `Cast this meeting`, lakini jina la runinga halikuwemo kwenye orodha. Jambo hili huwapotosha wengi, kwani vifaa vyote viwili vinaweza kuwa na intaneti nzuri na bado visionane. Nilipofungua mipangilio ya mtandao ya runinga nikaona iko kwenye waifai kuu ya nyumba, ilhali kompyuta ilikuwa kwenye waifai ya wageni, ambayo ruta nyingi huitenga kwa makusudi. Nilipoihamishia kompyuta kwenye waifai kuu, jina lilijitokeza.

Picha ilipopanda ukutani, shangazi aliuliza, “Mwanangu, mbona watu wako kule na sauti inatokea hapa mezani?” Ndivyo inavyotakiwa. Ukirusha mkutano kwa njia hii, runinga huonyesha picha tu, na kompyuta hubaki na kamera, maikrofoni na sauti. Kompyuta inaijua sauti inayoitoa yenyewe, hivyo huweza kuiondoa katika kile ambacho maikrofoni yake inanasa. Sauti hiyo ingetokea kwenye runinga ikiwa imechelewa, kazi hiyo ingekuwa ngumu, na wa Muscat wangeanza kujisikia wenyewe wakijirudia. Dalili ya mwangwi, kwa kweli, huwezi kuisikia wewe. Ni wao watakaokwambia.

Kwa kuwa spika ya kompyuta ni dhaifu, niliunganisha spika ya bluututhi kwenye kompyuta hiyo hiyo, wala si kwenye runinga. Kompyuta niliiweka juu ya kijimeza chini kidogo ya runinga, kamera ikitutazama, ili anayetazama runinga aonekane kana kwamba anamtazama mwenzake. Wazee wenye sauti ndogo niliwaketisha karibu na kijimeza.

Midomo kwenye runinga ilichelewa kidogo nyuma ya sauti, nasi tuliizoea. Asiyeweza kuvumilia hali hiyo atumie kebo ya HDMI, ambayo hupunguza sana ucheleweshaji wa picha, ila aingie kwenye mipangilio ya sauti ya Meet na kuchagua spika ya kompyuta, kwa maana kebo huipeleka sauti kwenye runinga bila kuuliza. Ukibonyeza `Stop casting`, picha huondoka kwenye runinga na mkutano huendelea kwenye kompyuta, jambo lililotufaa watoto walipodai katuni zao wakati wazee bado wanahesabu gharama za ukumbi.