Alfajiri ndiyo iliyoniokoa: nilivyosoma uhasibu nikiwa nimefunga

Kila Ramadhani ikikaribia huwasikia watu wakiwaambia wanafunzi, "Wewe kesha tu mpaka daku, usingizi utaulipa mchana." Ushauri huo nilipewa mimi Ramadhani ya mwaka 2025, na ulinila wiki nzima ambayo sikuwa nayo. Nasoma stashahada ya uhasibu hapa Mombasa, naishi Kisauni na mamangu, kakangu na wadogo zangu wawili. Mwaka huo mtihani wa katikati ya muhula uliangukia kumi la mwisho, saa nane mchana. Machi kwetu kaskazi inamalizika, joto limekaza, hata feni inapuliza hewa ya moto. Nilijua nisipojipanga mapema nitaingia chumba cha mtihani nikiwa nasinzia.

Aliyenishauri kukesha ni kakangu. Yeye kazi yake huanza jioni, kwa hivyo mchana wote ni wake. Mimi vipindi vyangu vilianza saa tatu asubuhi, na kuanzia saa tisa na nusu niko jikoni na mamangu kwa ajili ya futari. Sikulipima hilo. Usiku wa kwanza nilitoka tarawehe, nikanywa vikombe viwili vya kahawa tungu, nikasoma mpaka daku. Nilijisikia nina nguvu sana. Baada ya Sala ya Alfajiri nikalala kwa muda wa saa mbili na ushei, nikaenda chuoni, nikarudi, nikaswali Adhuhuri, nikajitupa kitandani mpaka saa kumi kasoro. Niliamka kichwa kizito kama nimebeba gunia, mdomo umekauka, na mamangu ananiita kwa mara ya tatu. Usiku usingizi haukuja, maana nilikuwa nimeshaulala mchana, na kahawa niliyokunywa tena baada ya tarawehe ilikuwa bado mwilini. Kahawa ya saa tatu usiku, saa nane nusu yake bado ingali inafanya kazi. Basi nikakesha tena, si kwa kupanga, kwa kukosa njia. Kufikia funga ya sita nilikuwa nalala vipande viwili vibovu kwa siku, na hakuna hata kimoja kilichonitosha.

Iliyonifumbua macho ni hesabu moja. Ilikuwa saa nane na nusu mchana, nimebaki na muda kidogo kabla ya kuingia jikoni, nikachukua swali la taarifa ya mtiririko wa fedha. Faida kabla ya kodi 480,000. Uchakavu wa mali 60,000. Wadaiwa wameongezeka kwa 40,000, wadai wameongezeka kwa 25,000. Hili ni swali la kawaida kabisa. Uchakavu unaurudisha juu ya faida, kwa sababu hakuna pesa iliyotoka mfukoni, ni hesabu ya kitabuni tu. Wadaiwa wakiongezeka unatoa, kwa sababu bidhaa umeuza lakini pesa bado ziko kwa wateja. Wadai wakiongezeka unajumlisha, kwa sababu mali umechukua na hujalipa. Jibu ni 525,000.

Mimi nilipata 485,000, na mwisho wa taarifa pesa zikakataa kulingana na zile za kwenye mizania. Zilipungua 40,000. Nikaona, aa, 40,000 ndiyo ile ya wadaiwa, lazima kosa liko pale. Nikaganda pale pale. Nikaifuta, nikaiandika upya, nikakagua salio la mwanzo na la mwisho, nikaipiga kwenye kikokotoo mara sijui ngapi. Karibu saa nzima. Kesho yake baada ya Alfajiri nilifungua daftari lile lile, na kabla sijamaliza kusoma mistari minne nikaona. Yalikuwa makosa mawili. Uchakavu niliutoa badala ya kuurudisha, hiyo ilinipunguzia 120,000. Wadaiwa niliwajumlisha badala ya kuwatoa, hiyo ikanirudishia 80,000. Kosa moja lilimeza sehemu ya jingine, tofauti ikabaki 40,000, ikanipeleka mahali pasipo na jibu lote. Akili ya mchana haikuweza kushika mambo mawili kwa pamoja. Ya alfajiri iliweza kwa dakika mbili.

Hapo nikageuza kila kitu. Kazi ngumu yote nikaihamishia saa kumi na moja na nusu alfajiri mpaka saa moja na nusu. Kwetu Machi adhana ya Alfajiri iko saa kumi na moja na dakika kama kumi hivi, kwa hivyo nikishaswali tu nakaa chini ya dirisha la ukumbini. Chakula cha daku kimo tumboni, maji yamo mwilini, kuna baridi kidogo, na nyumba nzima imerudi kulala. Ikifika saa tisa mchana mwili unakaribia muda wa saa kumi bila chakula wala maji, na juu yake kuna ule usingizi wa alasiri unaomjia hata asiyefunga. Ndiyo maana nasema anayelala baada ya daku na kuuachia mchana hesabu zake amezipanga kinyume.

Lakini alfajiri hiyo hainunuliwi bure, huilipia usiku. Nilipanga kulala saa nne usiku na kuamka saa kumi, usingizi mmoja wa saa sita bila kukatwa. Kwa Mombasa hilo ni gumu kuliko hesabu yenyewe. Ramadhani usiku ndio mchana: watoto wanacheza uchochoroni, baraza zimejaa, wageni wanakuja na sahani za kaimati. Nikaanza kuswali tarawehe nyumbani na mamangu siku za masomo, simu nikaiacha chaji ukumbini, na masikioni nikatia pamba kwa sababu ya wapiga daku. Wale hupita kwetu saa tisa na ngoma zao, na mimi nawapenda tangu utotoni, lakini saa tisa bado ni mapema kwangu kwa saa nzima. Mamangu ndiye aliyekubali kuniamsha saa kumi.

Siku nne za mwanzo zilikuwa nzito. Baada ya kuswali macho yanauma na kitanda kiko hatua tano. Siku ya tano mwili ukazoea. Kama jana yake tulipata wageni nikalala saa sita, sikulazimisha. Dalili yangu ni hii: nikisoma swali mara tatu na bado sijui limeuliza nini, nafunga daftari na kulala kwa muda wa saa moja. Kukaa na kitabu wakati ule ni kukitazama tu.

Mchana nililala pia, ila kidogo. Baada ya Adhuhuri najilaza dakika ishirini, simu imetegwa mbali nami ili niinuke kuizima. Ishirini zinanitosha kuinuka nikiwa mwepesi. Nilipojaribu arubaini niliamka nimelewa usingizi kama wiki ile ya kwanza, kwa sababu mwili ulikuwa umeshazama, ukavutwa katikati.

Daku nayo niliibadilisha. Tulizoea kupasha pilau iliyobaki, na chumvi ile na bizari ilinipa kiu kabla ya saa nne asubuhi. Nikahamia muhogo wa kuchemsha au ndizi, maharagwe na yai. Na lile la "kunywa jagi zima kabla ya adhana" achaneni nalo. Maji ya mkupuo kwa sehemu kubwa unayakojoa, ukifika darasani hayapo. Mimi nilianza na bilauri mbili wakati wa kufuturu, nyingine baada ya sala, nyingine kabla ya kulala, mbili za daku. Ramadhani niliianza nikiwa nimezoea kahawa mara tatu kwa siku, ndiyo maana funga mbili za mwanzo kichwa kilinigonga vibaya. Mwaka uliofuata niliipunguza kidogo kidogo tangu katikati ya Shaabani, na kichwa hakikuniuma.

Sasa jikoni. Hili ndilo ninalojivunia zaidi, kwa sababu wasichana wengi hawawezi kusema "nasoma" saa kumi jioni wakati viazi karai vinasubiri kukaangwa. Kwanza tulikubaliana na mamangu, Jumamosi mbili tukafunga sambusa nyingi kwa pamoja, tukaziweka kwenye friza. Manda na nyama havikutugharimu zaidi ya tulivyozoea, pengine tuliokoa kidogo. Pili, nikakata kalenda ya zamani vipande vipande, mbele swali, nyuma jibu, nikampa mdogo wangu wa gredi ya saba. Yeye anakaa kwenye kibao cha mbuzi anakuna nazi, vipande viko kwenye paja, na ananiuliza huku mimi nageuza kaimati kwenye mafuta.

"Uchakavu?"

"Narudisha."

"Wadaiwa wakiongezeka?"

"Natoa."

"Mbona watoa, si ni mali yako?" Hapo lazima nieleze, na nikishindwa kumweleza yeye najua sijaelewa, kile kipande kinatengwa kwa ajili ya alfajiri. Jikoni sikujifunza jambo jipya hata moja. Ilikuwa ni kukumbuka tu, na hiyo ndiyo kazi ambayo mwili wa saa kumi na moja jioni unaiweza. Kufikia funga ya kumi na tano mamangu alikuwa anajibu kabla yangu. "Wadai wakiongezeka, jumlisha! Mwenye biashara hajalipa bado, pesa anazo."

Tatizo la mwisho lilikuwa saa ya mtihani, maana akili nimeizoesha alfajiri na wao wanaitaka saa nane. Siku tatu kabla, nilikaa saa nane mchana na karatasi ya mwaka uliopita yenye maswali niliyokwisha kuyamudu, nikajipima muda. Niligundua mchana naandika polepole na naruka alama za kutoa. Nikajiwekea kawaida ya kuandika neno pembeni ya kila mstari, "rudisha" au "toa", kabla ya kugusa tarakimu. Na mpaka mtihani upite, usiku wa kumi la mwisho niliswali sehemu, nikalala saa tano. Usiku mzima niliuhifadhi kwa zile zilizobaki baadaye.

Siku yenyewe nililala dakika zangu ishirini kwenye chumba cha sala cha chuo, nikatia udhu upya kwa maji baridi, nikaingia. Swali la nne lilikuwa mtiririko wa fedha. Niliandika maneno pembeni yote kwanza, kisha tarakimu.

Nilifika nyumbani saa kumi na moja, nguo zimenishika mgongoni kwa jasho. Mamangu alikuwa anakoroga uji. Hakuniuliza mtihani ulikuwaje.

"Imelingana?"

Nikamwambia imelingana, mama, mpaka shilingi ya mwisho.