Kadi nne zilizoniambia nipandishe bei ya taa

Kabla sijaagiza taa za sola, kila mtu alinishauri: "Waulize wateja wanataka nini." Nikauliza. Walitaka taa inayochaji simu, waranti ya mwaka na bei ya kutupa. Nani angejibu vingine?

Nikahamia uchambuzi wa konjointi. Humuulizi mtu anachopenda; unampa bidhaa kamili kadhaa azipe alama kuanzia 0 hadi 10, halafu wewe ndiye unayechambua kila sifa imechangia kiasi gani.

Mara ya kwanza nilijiaibisha. Nilitengeneza kadi nne, kila moja na picha ya taa niliyoiokota mtandaoni. Ya nne niliifanya mbovu makusudi: bei ya juu, haichaji, waranti miezi 3. Anayeipa alama kubwa, nilijiambia, hajasoma. Pale gulioni bibi mmoja akaipa 9. Aliyemfuata, 8. Nikashindwa kuvumilia: "Bibi, mbona hii ghali na haina kitu?" Akanitazama kwa huruma. "Mjukuu wangu, si ndiyo nyekundu?" Nyingine zote zilikuwa za kijivu! Tangu asubuhi nilikuwa napima rangi.

Wiki iliyofuata nilirudi na picha ileile kwenye kadi zote, nikizichanganya upya kwa kila mtu. Wastani wa watu 24, bila desimali:

A: 20,000, inachaji, miezi 3 – alama 8
B: 20,000, haichaji, mwaka – 6
C: 30,000, inachaji, mwaka – 5
D: 30,000, haichaji, miezi 3 – 1

Kila sifa imetokea mara mbili, kwa hiyo unalinganisha jozi. Za 20,000 zina wastani wa 7, za 30,000 zina 3: shilingi 10,000 zinaondoa alama 4, yaani alama moja ni 2,500. Zinazochaji ni 6.5, zisizochaji 3.5, tofauti ni 3, sawa na 7,500. Waranti ndefu imeongeza alama 1 tu, yaani 2,500.

Kwa muuzaji wangu wa jumla, chaja iliongeza kama elfu nne kwa taa. Waranti ya mwaka ingenila kama elfu tatu. Nikachukua chaja, nikaacha waranti niliyokuwa nimeshaanza kuitangaza kama mjinga.

Hesabu hii inaaminika kati ya 20,000 na 30,000 tu. Ya 45,000 sikuipima. Kadi nne pia haziwezi kuonyesha kama chaja inathaminiwa zaidi taa ikiwa rahisi. Hapo ungehitaji kadi zote nane, yaani kila mchanganyiko wa bei, chaja na waranti. Na kutoa alama si kutoa hela, ndiyo maana mzigo wa kwanza niliagiza mdogo, na kwenye bei nikaongeza 5,000 badala ya 7,500 yote ya chaja.

Nyekundu nazo niliagiza chache. Yule bibi alikuja kuchukua yake, akaniomba nipunguze bei.