Shule ilipofungwa ghafla: nilivyoandaa kifurushi cha hesabu cha kufanyia nyumbani

Shule yetu ilifungwa ghafla bomba la maji lilipopasuka na madarasa yakajaa maji. Mwalimu mkuu alitaka kila mwalimu wa darasa awe na kifurushi cha kazi za wiki moja kufikia kesho yake, na kiwe cha karatasi, maana nyumba nyingi zina simu moja tu na mwenye simu huondoka nayo asubuhi. Mimi nafundisha darasa la tatu. Tulikuwa katikati ya kutoa kwa kukopa, mada ambayo watoto wengi huikwamia, na nikaamua sehemu yote ya hesabu iwe juu ya hiyo peke yake.

Nilianza kwa kuondoa kila kilicho kipya. Mtoto akikutana na jambo geni kwenye karatasi, anayelazimika kumfundisha ni mzazi, na mzazi hakusomea ualimu. Niliweka yale tu tuliyokwisha kuyagusa darasani. Kila siku ina ukurasa mmoja wa maswali sita, kazi ya kama dakika ishirini kwa mtoto anayeelewa. Kurasa nilizipa majina ya Siku ya 1 hadi Siku ya 5, si Jumatatu hadi Ijumaa, kwa sababu yupo mzazi atakayechukua kifurushi Jumatano, na zipo nyumba ambamo mtoto hupata mtu wa kukaa naye mwisho wa juma tu. Mtoto akiona Jumatatu na Jumanne zimeshapita, anajiona amechelewa kabla hajaanza.

Juu ya kila ukurasa kuna hesabu moja iliyofanywa yote, hatua kwa hatua, kumi lililofunguliwa likiwa limekatwa na kuandikwa upya. Chini yake kuna ya pili iliyofanywa nusu, mtoto anaimalizia. Ndipo yanafuata maswali ya kufanya mwenyewe. Mwaka 1985 John Sweller na Graham Cooper walichapisha utafiti wa wanafunzi wa aljebra, wakaonyesha kwamba anayeanza hujifunza vizuri zaidi kwa kuchunguza mifano iliyofanywa kuliko kwa kurushiwa maswali matupu. Darasani mfano huo huwa ubaoni na mimi niko hapo kuurudia. Nyumbani sipo, kwa hiyo mfano lazima uwe pale pale kwenye ukurasa wa mtoto, si kwenye daftari la wiki iliyopita.

Kilichochukua muda mrefu kuliko vyote ni kuchagua namba. Chukua 52 − 27. Jibu ni 25, lakini watoto wengi huandika 35. Kuna anayepata 35 kwa sababu ameona 2 haitoshi kutoa 7, akageuza, akasema saba kutoa mbili ni tano. Mwingine amekopa vizuri, kumi na mbili kutoa saba ni tano, ila amesahau kwamba makumi yamebaki manne. Makosa mawili yasiyofanana kabisa, na jibu ni lile lile. Mzazi akiona 35 hawezi kujua amsaidie wapi, na hata mimi siwezi. Hii hutokea kila tofauti ya mamoja inapokuwa tano, kwa hiyo niliziondoa hesabu zote za namna hiyo.

Badala yake niliweka hesabu kama 61 − 28. Jibu ni 33. Aliyegeuza mamoja atapata 47, maana nane kutoa moja ni saba, sita kutoa mbili ni nne. Aliyekopa akasahau kupunguza makumi atapata 43. Sasa jibu lenyewe linaeleza kosa. Nilipitia maswali yote hivyo hivyo: 74 − 36 inatoa 38, 42 au 48, 50 − 23 inatoa 27, 33 au 37, na mara nyingine 30 kwa mtoto anayeamini kwamba sifuri ikitolewa kitu inabaki sifuri. Kila swali nililiandikia majibu yake ya makosa pembeni, na orodha hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa ukurasa wa mzazi.

Ukurasa wa mzazi ni karatasi moja, si zaidi. Hauelezi kukopa ni nini. Unamwambia mzazi aangalie jibu, kisha aseme nini. Sehemu ya swali la kwanza ilisomeka hivi:

"Akipata 33, mwulize: ulijuaje? Msikilize tu. Akipata 47, usimwambie amekosa. Mpe vijiti 61, mafungu sita ya kumi yaliyofungwa na kijiti kimoja pembeni. Mwambie atoe vijiti vinane. Atakwama. Mwache aone mwenyewe kwamba lazima afungue fungu moja. Akipata 43, mwulize: ulipofungua fungu moja, yamebaki mafungu mangapi? Akipata jibu jingine lolote, usihangaike, andika alama ya kuuliza pembeni na mwendelee na swali linalofuata."

Maneno hayo ya mwisho niliyaweka kwa makusudi. Mzazi mwenye bidii anaweza kukesha na swali moja mpaka mtoto analia, na hesabu ikaanza kuchukiwa nyumba nzima. Alama ya kuuliza inamruhusu kuacha, na kwangu ina maana kubwa kuliko jibu sahihi lililopatikana kwa machozi.

Nilisisitiza pia jambo moja kwa herufi kubwa: KIFUTIO KISITUMIKE. Akikosea, akate kwa mstari mmoja aandike pembeni. Kazi iliyofutwa ikawa safi hainiambii chochote.

Siku ya kugawa tulikaa langoni, wazazi wakija kwa zamu kulingana na herufi ya kwanza ya jina la mtoto ili pasiwe na msongamano. Sikutaka mtu achukue bahasha na kuondoka tu. Nilikuwa na vijiti mezani, na kila mzazi nilifanya naye 61 − 28 kama vile yeye ndiye mtoto aliyepata 47. Haichukui muda, na baada ya hapo ukurasa wa mzazi unaeleweka hata kwa asiyesoma vizuri, maana ameshakiona kitendo kwa macho. Aliyesema hasomi kabisa nilimwonyesha njia nyingine: mtoto amsomee swali, afanye kwa vijiti mbele yake, amweleze kila anachofanya. Vijiti vyenyewe ndivyo vitakavyosema kama jibu ni sahihi.

Hapo ndipo mama mmoja aliponiambia, "Mwalimu, mimi nilifundishwa vingine. Tulikuwa tunaongeza moja chini." Alikuwa na haki. Katika njia aliyofundishwa, 1 ya juu inakuwa 11 na 2 ya chini inakuwa 3, unatoa, jibu ni 33 vile vile. Ni njia halali, maana umeongeza kumi juu na kumi chini na tofauti haibadiliki. Lakini mtoto aliye katikati ya kujifunza njia moja akionyeshwa ya pili jioni, kesho yake anazichanganya: anapunguza juu na kuongeza chini, anapata 23. Nikamwambia, "Mama, njia yako ni sahihi kabisa. Naomba tu wiki hii uiweke kando, mtumie vijiti. Akishaimudu hii, mfundishe na yako." Alikubali. Baada yake nilianza kuwauliza wazazi wote walifundishwaje, na wengi wa rika lake walijibu kama yeye. Nikaongeza sentensi hiyo kwa kalamu kwenye kila ukurasa wa mzazi uliokuwa umebaki.

Kuhusu uchapaji nitasema machache. Herufi ziwe kubwa, saizi ya 14 au zaidi, bila picha zenye kivuli kizito kwa sababu mashine ya fotokopi huzigeuza madoa. Ukurasa wa mzazi usichapwe nyuma ya ukurasa wa mtoto, la sivyo majibu yanasomeka akiuinua kwenye mwanga. Na kagua nakala ya mwisho, si ya kwanza. Alama ya kutoa ni kijistari chembamba, wino ukipungua ndiyo inayotangulia kupotea, na mtoto anabaki na 61 na 28 bila kujua afanye nini. Mimi huipiga kwa wino mzito.

Sehemu ya kusoma niliipa nafasi ndogo: kifungu kimoja cha habari cha maneno kama mia moja, kisomwe kwa sauti siku tatu mfululizo mbele ya mtu yeyote wa nyumbani. Dakika moja ikiisha, mtoto anachora mstari pale alipofikia. Mstari ukisogea mbele siku ya pili na ya tatu, kila mtu anauona, hata asiyejua kusoma. Kwa wale wachache ambao bado wanaunganisha silabi, kifungu hicho hakifai kabisa. Niliwaandalia kadi za silabi, na ukweli ni kwamba karatasi haiwezi kuziba pengo lao. Wanahitaji mtu mwenye kujua kusoma akae nao.

Vifurushi viliporudi sikuvipa alama. Nilivipanga mafungu matatu mezani kwa kuangalia makosa: waliogeuza mamoja, waliosahau kupunguza makumi, na waliopata. Lile la tatu nililipitia tena kwa makini. Kulikuwa na kazi zenye majibu yote sahihi, hakuna kumi lililokatwa, hakuna kosa lililopigwa mstari, na mwandiko wa 7 na 4 usio wa mtoto. Sikumlaumu mzazi yeyote. Nilimwita mtoto langoni siku ya kubadilishana vifurushi, nikampa 82 − 56 afanye mbele yangu. Akipata 26, vizuri. Mmoja aliandika 34 mara moja bila kusita, nikajua ni wa fungu la kwanza.

Shule haikufunguliwa wiki iliyofuata, kwa hiyo kifurushi cha pili hakikuwa kimoja kwa darasa zima. Waliogeuza mamoja walipata kurasa za vijiti na kuchora mafungu, bila hesabu ya kusimamisha hata moja kwa siku mbili za kwanza. Waliosahau makumi walipata hesabu zenye kisanduku kitupu juu ya makumi, ambacho lazima kijazwe kabla ya kutoa. Kisanduku hicho kilianza kutoweka Siku ya 4. Waliomudu walipata kazi ya kutafuta kosa: hesabu zilizofanywa na mtoto wa kubuni, baadhi sahihi na baadhi zenye 47 au 43 zao, wazikague na kuandika kwa sentensi moja mwenzao amekosea wapi. Na kwa kila bahasha niliandika kwa mkono, juu ya ukurasa wa mzazi, jibu moja ambalo mtoto wake huyo hulipata anapokosea, ili macho yake yatangulie kulitafuta hilo.