Jinsi nilivyooanisha kasma za bajeti na leja

Katika kikundi chetu cha wakulima wa korosho hapa Mtwara, kulinganisha bajeti na leja kulinichukua siku tatu kila robo mwaka, kwa sababu kasma moja ya "Mafunzo", yenye shilingi 4,800,000, ilitawanyika katika akaunti tatu za leja.

Niliigawa kasma hiyo ili kila mstari uguse akaunti moja tu, kisha nikaunda msimbo unaoanza na shughuli na kuishia na namba ileile ya akaunti: 03-5210 usafiri (1,500,000), 03-5220 posho (2,700,000) na 03-5240 ukumbi (600,000). Shughuli niliiacha nje ya namba ya akaunti, kwani vinginevyo orodha ya akaunti ingevimba kila mradi mpya unapoanza.

Kisha niliweka safu A ya misimbo kwenye lahajedwali katika muundo wa maandishi, ili 03-5210 isigeuzwe kuwa tarehe, nikakagua kila mstari:

```
=COUNTIF(Akaunti!A:A,RIGHT(A2,4))
```

Jibu sahihi ni 1. Sifuri humaanisha akaunti haipo. Hata hivyo, mafuta ya pikipiki niliyoyapa 5200 yalipita, ingawa hiyo ni akaunti ya kichwa isiyopokea miamala. Nilipoondoa vichwa vyote kwenye orodha hiyo, mstari ule ulitoa sifuri, nami nikauhamishia 5210.